Yìyì ya maana au yìyì ya pingamizi? Kuchagua neno pale pinyin inapobaki peke yake

*"Nimeletewa sentensi moja ya Kichina niitafsiri kwa Kiswahili. Mtu aliyeisikia kwenye ujumbe wa sauti aliiandika kwa pinyin tu, yaani matamshi kwa herufi za Kilatini: Tāmen duì qīzhōng bàogào méiyǒu yìyì. Ujumbe wenyewe umeshafutwa na herufi za Kichina hazipo. Kamusi inanipa yìyì kuwa 'maana' na pia 'pingamizi', na qīzhōng kuwa katikati ya muhula na pia mwisho wa muhula. Nimeandika 'Ripoti ya katikati ya muhula haina maana kwao', kwa sababu 'maana' ndiyo inayotumika zaidi. Je, nimechagua sawasawa? Na kama sivyo, mtu huchaguaje bila kubahatisha?"*

Usiitume bado. Kwa mpangilio wa maneno ulionao hapo, usomaji wenye nguvu zaidi ni "Hawana pingamizi kuhusu ripoti ya katikati ya muhula", yaani karibu kinyume cha ulichoandika. Wewe umewafanya watu wanaoidharau ripoti, kumbe huenda wameikubali. Upande wa yìyì tunaweza kuutatua karibu wote kwa kuiangalia sentensi yenyewe. Upande wa qīzhōng hautatuliki kwa sarufi hata ungekaa nayo usiku kucha, na hapo kuna namna nyingine ya kufanya.

Tuanze na sababu uliyoitoa, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Ni kweli kwamba yìyì ya "maana" (意义) hutumika zaidi kuliko yìyì ya "pingamizi" (异议). Ukiandika yiyi peke yake kwenye kibodi ya pinyin, ni jambo la kutarajia "maana" itokee mbele. Lakini hesabu hiyo ni ya lugha nzima, imechanganya magazeti, mazungumzo ya mtaani, vitabu vya falsafa na kila kitu. Wewe huna lugha nzima mbele yako. Una fremu moja tu: watu, kisha duì, kisha kitu, kisha "hawana" fulani. Ndani ya fremu hiyo "pingamizi" ndilo neno lililozoeleka, kiasi kwamba duì… méiyǒu yìyì ni msemo wa kawaida wa vikaoni mtu anapoulizwa kama ana neno juu ya jambo lililowekwa mezani.

Sasa kwa nini tatizo hili lipo. Ukiondoa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha neno, Kichina sanifu kina silabi takriban 400. Ukiziweka toni zinafika kama 1,300. Orodha rasmi ya herufi za matumizi ya kawaida iliyotolewa China mwaka 2013 ina herufi 8,105. Kwa hiyo silabi moja hubebeshwa herufi nyingi, na silabi yì yenye toni ya nne ni miongoni mwa zilizoelemewa kupita kiasi. Kinachowaokoa wasemaji ni kwamba maneno mengi ya leo yana silabi mbili, na silabi mbili zikishikana, washindani hupungua ghafla. Ndiyo maana mtu anayetafuta maana ya yì ya kwanza, halafu ya yì ya pili, kisha akajaribu kuziunganisha, hujipotezea muda bure. Tafuta neno zima.

Neno zima yìyì lina washindani wanaohesabika. Kuna "maana" na "pingamizi". Kuna 意译, "tafsiri huru", ile inayofuata maana badala ya kufuata neno kwa neno (ndiyo, hata kazi yetu wenyewe imo kwenye rundo hili). Kuna yìyì ya kumeta, ya kifasihi, isiyotokea mahali kama hapa. Kuna pia yìyì ya kwenye xiǎoxīn yìyì, "kwa uangalifu mkubwa", ambayo haitembei bila mwenzake xiǎoxīn. Hizi mbili za mwisho unazitoa mara moja, kwa sababu baada ya méiyǒu, "kutokuwa na", tunahitaji jina. "Tafsiri huru" ni jina, lakini watu "kutokuwa na tafsiri huru kuhusu ripoti" ni maneno yasiyosema kitu. Zinabaki mbili ulizozikuta mwenyewe.

Kiswahili nacho kina maneno ya namna hii, ila kinajisaidia kwa upatanisho wa kisarufi. "Kaa amekufa" ni yule wa baharini, "kaa limezimika" ni la moto, na hakuna anayesimama kuuliza. Kichina hakina ngeli wala viambishi vya upatanisho, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na mpangilio wa maneno na vile vineno vidogo kama duì. Mtafsiri anayezoea kutafuta ishara ndani ya kitenzi hukosa la kushika, akakimbilia kamusi. Ishara ipo, ila imekaa kwenye nafasi ya kila neno.

Angalia duì. Kineno hiki huelekeza jambo kwa mtu au kitu, kama "kwa", "kuhusu" au "juu ya". Kinachokaa kabla yake ni mwenye jambo, na kinachokaa baada yake ni kile kinachoelekewa. Weka sentensi mbili karibu karibu:

Tāmen duì qīzhōng bàogào méiyǒu yìyì.
Qīzhōng bàogào duì tāmen méiyǒu yìyì.

Ya pili inaanza na ripoti. Ripoti ndiyo "isiyo na" kitu, na kitu hicho kinawaelekea watu. Ripoti haiwezi kuwa na pingamizi, kwa hiyo yìyì hapo ni "maana": ripoti haina maana kwao. Ya kwanza inaanza na watu, na ripoti ndiyo inayoelekewa. Watu wanaweza kuwa na pingamizi juu ya ripoti, lakini kusema watu "hawana maana kwa ripoti" ni ajabu. Kiswahili ulichoandika ni tafsiri safi kabisa ya sentensi ya pili, na sentensi uliyoletewa ni ya kwanza.

Hiki ni kipimo unachoweza kukitumia kila mara. Ukishapata Kiswahili chako, kirudishe kwenye Kichina bila kuangalia pinyin uliyopewa. "Ripoti haina maana kwao" ingerudi ikiwa na bàogào mbele na tāmen nyuma. Kama pinyin yako haiko hivyo, umechagua neno kwanza kisha ukaipinda sentensi ilifuate. Akili hufanya hivyo kimyakimya. Tukishaamini neno ni "maana", tunawahamisha watu kutoka kiti cha mwenye jambo kwenda kiti cha mwelekewa, na tunaona tumetafsiri tu.

Hadi hapo mambo yanaonekana yamekwisha, lakini hayajaisha, na mtu mwenye Kichina kizuri angenikatiza sasa hivi. Mimi nimechukulia kwamba tāmen ni watu. Kwa sikio, tāmen inaweza kuwa watu wenye mwanamume ndani yao, wanawake watupu, au vitu. Zinaandikwa kwa herufi tatu tofauti, 他们, 她们 na 它们, lakini matamshi ni yale yale. Tofauti kati ya ya kiume na ya kike haitusumbui. Hata kwa Kichina ni jambo la maandishi tu, na herufi ya kike kwa matumizi haya ilianza kupigiwa debe na mwanaisimu Liu Bannong karibu mwaka 1920. Kiswahili kinasema "wao" na kupita zake. Lakini ile ya vitu ndiyo yenye hatari. Ikiwa kabla ya sentensi hii mazungumzo yalikuwa juu ya takwimu, jedwali au picha fulani, basi tāmen ni "hizo", na "hizo kwa ripoti ya muhula hazina maana" ni sentensi nzuri kabisa: takwimu hizo hazina umuhimu wowote kwa ripoti.

Umeona kilichotokea. Tumegusa tāmen, na yìyì ikabadilika. Uchaguzi wa maneno haya hauendi mmoja mmoja. Wakiwa watu, yìyì ni pingamizi. Vikiwa vitu, yìyì ni maana. Anayechagua yìyì kwanza na kuiachia tāmen ijipange baadaye anaweza kutoa sentensi iliyochanganya vipande viwili visivyopatana, na ikasomeka vizuri tu kwa Kiswahili. Kuna kitu kimoja kinachotusaidia kuwaelemea watu. Katika mazungumzo, Wachina hawapendi sana kutumia tāmen kwa vitu. Mara nyingi watasema zhèxiē, "hizi", au watalirudia jina lenyewe. Hiyo inaupunguza nguvu usomaji wa vitu, ingawa haiuui.

Na Kiswahili kitakulazimisha uamue. "Hawana" ni ya watu. Vikiwa vitu, utapaswa kujua ngeli: takwimu "hazina", majedwali "hayana", vielelezo "havina". Hakuna umbo la katikati la kujifichia. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza aliyekuletea sentensi hata si la Kichina. Muulize kabla ya hapo walikuwa wanazungumzia nini. Akikwambia "wasimamizi" au "wale wa kundi la pili", umeshamaliza kazi.

Kuna usomaji wa tatu, ambao siwezi kuuruka kwa kuwa kwa bahati mbaya unaelekea upande wako. Duì yenyewe ina pacha: 队, "timu". Tāmen duì ni "timu yao". Ukikata sentensi baada ya hapo, unapata "Timu yao, ripoti ya katikati ya muhula haina maana." Kisarufi inasimama, na yìyì inarudi kuwa "maana". Siupi uzito mkubwa kwa sababu mbili. Kwanza, mtu anayetaka kusema "ripoti ya timu yao" angeweka kwa kawaida kiunganishi de kati ya timu na ripoti, nawe huna de yoyote. Pili, wanafunzi waliogawanywa kuandaa ripoti huitwa zǔ, kundi, zaidi ya duì, inayokaa vizuri zaidi kwenye michezo na mashindano. Lakini kama mazungumzo yalikuwa ya mashindano, na kama msikilizaji wako alikuwa na tabia ya kuruka vineno vidogo, usomaji huu unafufuka. Kwa sauti ungeutambua kwa mahali pa kupumua: baada ya duì kwa timu, kabla ya duì kwa "kuhusu". Pinyin imekunyima hilo.

Hilo linatuleta kwenye alama za toni, ambazo wengi huziamini kuliko inavyostahili. Pinyin ilipopitishwa rasmi mwaka 1958 ililengwa kufundishia matamshi sanifu na kusambaza lugha moja, na desturi yake ni kuandika toni ya kamusi, hata pale mdomo unapotoa toni nyingine. Mfano unaojulikana ni toni mbili za tatu zikifuatana: ya kwanza hugeuka kuwa kama ya pili. Mǎi mǎ, "kununua farasi", na mái mǎ, "kuzika farasi", hutamkwa sawasawa. Aliyeandika kwa kujua lugha ataandika mǎi mǎ. Aliyeandika kwa sikio ataandika mái mǎ, na farasi wako atazikwa akiwa hai. Kwa hiyo ulizia sentensi iliandikwaje. Je, mtu huyo alielewa kilichosemwa ndipo akaandika, au aliandika sauti tu kama alivyozisikia? Ukiwa na sentensi nyingine kutoka kwake, tafuta neno bù, "si". Likitangulia toni ya nne, mdomo husema bú. Akiandika bù shì anaandika kwa kanuni, akiandika bú shì huenda anaandika kwa sikio, ingawa vitabu vingine vya kufundishia navyo huandika hivyo makusudi.

Katika sentensi yako hakuna toni mbili za tatu zilizofuatana, kwa hiyo mtego huo haupo. Mtego uliopo ni wa jirani. Ikiwa yì ya kwanza kwa kweli ilikuwa yí, ya kupanda, neno linakuwa yíyì (疑义), "jambo la kutilia shaka". Nalo linakaa kwenye fremu ile ile bila shida: hawana shaka yoyote kuhusu ripoti. Mimi hufanya hivi kwa kila neno linalobeba uzito wa sentensi: naipindua toni moja, naona ni neno gani linatokea, kisha najiuliza kama tafsiri yangu ingeanguka. Hapa haianguki. "Hawana pingamizi" na "hawana shaka" zote zinaonyesha watu walioikubali ripoti. Kwa hiyo kosa la toni kwenye silabi hiyo lingekugharimu kidogo, wakati kosa la kuhamisha watu na ripoti limekugharimu sentensi nzima.

Sasa qīzhōng. Hapa zhōng ya 期中, "katikati", na zhōng ya 期终, "mwisho", zina silabi moja, toni moja, na zote zinakaa mbele ya bàogào bila kulalamika. Hakuna kineno cha kutusaidia na hakuna mpangilio wa kutazama. Katika hali kama hii ndipo hesabu ya matumizi inapopata haki ya kuzungumza, na inazungumza kwa njia ya kuvutia. Mwisho wa muhula una jina lingine linalotumika zaidi, qīmò. Anayetaka kusema mtihani au ripoti ya mwisho wa muhula ana qīmò tayari mdomoni, neno lisiloweza kuchanganywa na katikati. Kwa hiyo mtu anaposema qīzhōng, mara nyingi anamaanisha katikati, kwa sababu angekuwa na njia rahisi na salama ya kusema mwisho. Hoja hii ya jina mbadala ina nguvu kuliko hesabu tupu, kwa vile inatazama kile ambacho msemaji angekisema kama angetaka maana ile nyingine.

Bado ni uwezekano tu. Wapo wanaosema qīzhōng kwa mwisho wa muhula, na kamusi inawatambua. Tafuta tarehe. Ujumbe uliopokewa wiki ya 8 au ya 9 ya muhula haiwezekani kirahisi uwe unazungumzia ripoti ya mwisho ambayo tayari watu wameisoma na kuikubali. Ujumbe wa siku za kufunga unaweza kwenda kote kuwili, kwa kuwa ripoti ya katikati nayo huweza kupitishwa kwa kuchelewa.

Usipopata tarehe, Kiswahili kina mlango ambao Kichina hakina: "ripoti ya muhula". Maneno hayo ni ya kweli kwa vyovyote vile. Unapoteza taarifa moja, lakini huongezi ya uongo. Nayatumia pale ambapo msomaji hahitaji kujua ni ripoti ipi kati ya mbili, kwa mfano akiwa anataka tu kujua kama wahusika wameridhika. Kama kuna uamuzi unaotegemea ripoti yenyewe, mlango huo ufunge, maana atajaza pengo mwenyewe kwa dhana yake. Hapo andika "ripoti ya katikati ya muhula", na chini yake useme wazi kwamba sauti ile ile inaweza kuwa ya mwisho wa muhula na kwamba chanzo ulichopewa hakina herufi. Sipendi kuweka chaguo zote mbili katikati ya sentensi kwa mkwaju. Msomaji wa Kiswahili husoma mkwaju kama "ama", na hudhani msemaji mwenyewe ndiye aliyekuwa na mashaka.

Kuna sentensi ambazo sizitafsiri kutoka pinyin peke yake, hata kwa maelezo ya chini. Chukua zhè zhǒng yào zhì'ái. Zhì ya "kusababisha" (致) na zhì ya "kutibu" (治) ni sauti moja, kwa hiyo sentensi hiyo ni "Dawa hii inasababisha saratani" au "Dawa hii inatibu saratani". Hapa mpangilio wa maneno hauwezi kutusaidia, kwa kuwa ni ule ule kwa maana zote mbili. Wachina wenyewe waliwahi kusumbuliwa na neno hilo hilo la saratani. Zamani 癌 lilisomwa yán, sawasawa na neno la kuvimba na kuuma kwa kiungo, 炎, hivyo mgonjwa aliyeambiwa wèiyán hakujua kama ni saratani ya tumbo au ni tumbo lililovimba na kuuma tu. Usomaji wake ukabadilishwa kuwa ái ili vitu viwili hivyo vitengane. Ikiwa wenye lugha walilazimika kubadilisha matamshi ya neno ili madaktari waeleweke, mtafsiri mwenye karatasi ya pinyin hana sababu ya kujiona shujaa.

Nyingine ni chǎnpǐn quánbù hégé. Ukiiandika hivyo, quánbù ikiwa imeshikana, ni "Bidhaa zote zimefaulu ukaguzi". Ukiitenganisha, chǎnpǐn quán bù hégé, ni "Bidhaa zote hazikufaulu". Nafasi moja tu kati ya silabi, na bidhaa nzima inakubaliwa au inarudishwa. Kanuni za kuandika pinyin zinataka silabi za neno moja zishikane, lakini watu wengi huandika kila silabi peke yake, au hushikanisha kila kitu. Kabla ya kuiamini nafasi hiyo, angalia sentensi nzima alivyoiandika mtu huyo. Akiwa ameandika chǎn pǐn kwa kutenganisha, nafasi yake haikuambii lolote. Uamuzi wa fedha, wa afya au wa kisheria ukitegemea sentensi ya namna hii, rudi kwa msemaji, au kaa ana kwa ana na mkalimani anayeweza kupewa sauti na habari yote inayoizunguka.

Ukimpata msemaji, au hata yule aliyenukuu, usimuulize "ulimaanisha nini?" Utapata maelezo marefu na huenda ukabaki pale pale. Wachina wana njia yao ya kutenganisha herufi zenye sauti moja: hulitaja neno jingine linalotumia herufi hiyo. Andika hivi: Zhōngjiān de zhōng, háishi zuìzhōng de zhōng? Maana yake, ni zhōng ya zhōngjiān, "katikati", au ni zhōng ya zuìzhōng, "hatimaye"? Atajibu kwa neno moja. Bora zaidi, mwombe aiandike sentensi kwa herufi. Na ukimpelekea mzawa wa lugha asiyekuwapo kwenye mazungumzo, mpe sentensi nzima na habari ya kilichotangulia, wala usimwambie umeshachagua nini. Akisikia kwanza "haina maana", naye atajitahidi kuiona "haina maana" mle ndani, hata kama mwenyewe asingefikia hapo.

Kwa sasa, kama huna mtu wa kumuuliza na lazima utume kitu leo, tuma hivi: "Hawana pingamizi kuhusu ripoti ya katikati ya muhula." Chini yake andika: "Imetafsiriwa kutoka matamshi tu, bila herufi wala sauti. Nimechukulia kuwa wanaotajwa ni watu. 'Katikati ya muhula' inaweza pia kuwa 'mwisho wa muhula'." Nimeweka "hawana" kwa wakati uliopo kwa sababu Kichina hakina kiambishi cha wakati na hakuna neno hapo linaloturudisha nyuma. Ukijua kuwa walisema hayo kwenye kikao kilichopita, "hawakuwa na pingamizi" itafaa zaidi. Jibu likirudi kwamba ni zuìzhōng de zhōng, badilisha "katikati" iwe "mwisho" na uache mengine kama yalivyo. Jibu likirudi kwamba tāmen zilikuwa takwimu, anza sentensi upya: "Hazina umuhimu kwa ripoti ya katikati ya muhula."